Sketi Iliyopunguzwa Mara Nne

Mgeni alibisha hodi saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, na kabla hajaeleza shida yake Fundi alikwisha kumzungushia futi kiunoni.

"Karibu, dada, karibu sana. Gauni au suti? Nyanyua mikono kidogo."

"Mama, mimi si..."

"Usiogope, hapa hatutaji namba kwa sauti. Siri ya mteja naijua mimi na daftari langu. Ah, una mabega wewe! Nguo itakaa yenyewe."

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vyeupe vya raba na mkoba uliojaa makaratasi. Aliishika ncha ya futi, akaitoa kiunoni taratibu, kama mtu anayemwondolea mwenzake uzi begani.

"Mimi ni muuguzi wa shule anayosoma binti yako. Sijaja kushona."

Fundi akaitundika futi shingoni. "Amefanya nini?"

"Hajafanya kosa. Yupo?"

"Ametoka kukimbia. Huyo ni kila asubuhi, iwe mvua au jua. Hakurithi uvivu wa baba yake." Akacheka peke yake.

Muuguzi alitazama pa kukaa. Sebule ile ilikuwa karakana: cherehani mbili dirishani, marobota ya kitambaa cha kijani kwenye makochi, na katikati meza kubwa iliyofunikwa na vipande vilivyochorwa chaki. Zilikuwa sare za wafanyakazi wa hoteli, arobaini kila mwezi kwa mwaka mzima, kazi kubwa kuliko zote ambazo Fundi aliwahi kupata. Akamwondolea mgeni robota moja.

"Alhamisi alianguka mstarini," Muuguzi alisema. "Alizimia. Nilimpa barua aniletee mzazi. Barua mmeiona?"

"Barua gani?"

"Nilipiga simu pia. Namba aliyoniandikia haipatikani. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu."

Fundi alikaa. Muuguzi akaendelea kwa sauti ya chini, bila haraka. Binti huvaa sweta juani. Mikono yake ni baridi kama bomba la maji, na imeota vinyweleo laini ambavyo mwaka jana havikuwapo. Nywele zinamkatika. Chakula cha mchana huwagawia wenzake, kila siku ana sababu mpya. Alikuwa mchangamfu, sasa hukaa peke yake na hulia akipata alama tisini badala ya mia.

"Hedhi yake mara ya mwisho ilikuwa lini, mama?"

Fundi alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaacha. Hakujua.

"Lakini dada, mtoto huyo ndiye anayetupikia! Anapika vizuri kuliko mimi. Anatupakulia, anasimama pale mlangoni, anatuuliza kama tumeshiba."

"Na yeye anakula wapi?"

"Anakula..." Fundi aliitazama meza. Ilikuwa imejaa kitambaa kwa miezi mitano. Tangu kazi ya hoteli ianze, kila mtu alikula alipokuwa: yeye kwenye cherehani, mumewe barazani kati ya majokofu anayotengeneza, binti jikoni. "Anasema ameshakula," alimaliza.

Muuguzi alipoondoka, akiwa ameacha namba yake na jina la daktari, Fundi alichukua daftari la vipimo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa binti yake. Alianza kumpima tangu akiwa na miaka mitatu, kila mwezi, kwa mapenzi tu, kama wazazi wengine wanavyoweka alama ukutani. Kwa miaka kumi na miwili tarakimu zilipanda. Mwaka huu zilikuwa zinashuka kama mtu anayeteremka ngazi gizani, na kando ya kila ngazi palikuwa na mwandiko wake mwenyewe. *Safi. Hongera. Kama mrembo wa gazetini!*

Sketi ya shule aliipunguza mara nne. Kwa mkono wake. Mara ya nne aliimba.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, naye riziki yake ilikuwa nguo.

*

Jioni walikosea karibu kila kitu.

Mumewe, Fundi Friji, alikuwa mtu wa utani, lakini hofu ilimgeuza sauti. Aliweka sahani ya wali mbele ya binti na kusimama juu yake.

"Kula, Bonge."

Ndilo jina walilompa akiwa mchanga, alipokuwa na mashavu ya kuminywa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama bado analipenda.

"Nimeshakula, baba."

"Umekula lini? Wapi? Na nani? Watu wanalala na njaa duniani, wewe unachezea chakula!"

"Sichezei."

"Basi maringo! Nani kakwambia u mnene? Hebu jitazame kwenye kioo, umebaki mifupa mitupu!"

Fundi aliona kitu cha ajabu. Neno lile la mwisho, lililokusudiwa kumtisha mtoto, lilipita usoni pake kama sifa. Kisha likafuatwa na hofu, halafu uso ukajifunga kabisa.

"Kula vijiko vitano tu," Fundi alibembeleza. "Vitano, mama yangu, nitakununulia viatu."

Binti alikula vitatu. Machozi yalidondoka kwenye wali, na baada ya kijiko cha tatu alikimbilia chumbani na kufunga. Walimsikia akirukaruka, miguu ikigonga sakafu, tu, tu, tu, kwa muda mrefu.

Fundi alikaa chini nje ya mlango ule. "Nifungulie."

"Siwezi."

"Ufunguo uko kwako, mwanangu."

"Si mlango, mama." Kisha kwa sauti ndogo: "Tulianza watatu, likizo. Mwezi mmoja bila sukari wala mkate. Wenzangu waliacha. Mimi nilipotaka kuacha, nikakuta siwezi. Kuna kitu kinahesabu. Nikila kinanigombeza, nisipokula kinasema bado. Hakilali. Nimechoka, mama. Nimechoka sana."

Fundi aliweka kiganja juu ya mbao za mlango. Akakumbuka sauti yake mwenyewe, miaka nenda rudi, mbele ya sahani: *leo nimefanya dhambi, nimekula mkate, kesho nafunga, nguo zinanibana.* Akisema vile watu walicheka. Mtoto alikuwa akisikiliza.

"Sikulaumu," alisema. Akalirudia lile lile.

*

Jumatatu daktari alimlaza binti kitandani, akahesabu mapigo ya moyo wake, kisha akamsimamisha na kuyahesabu tena. Alipima shinikizo la damu mara mbili. Wakamwekea waya kifuani, mashine ikachora mistari ya moyo. Wakachukua damu.

"Mapigo arobaini na mawili kwa dakika," aliwaambia wazazi. "Na akisimama, shinikizo linashuka. Moyo umepunguza mwendo ili kubana matumizi. Atalala hapa."

"Kwani ni moyo?" Fundi Friji aliuliza. "Sisi tulidhani ni ukaidi."

"Ni ugonjwa, baba. Si ukaidi wala maringo. Ulianza kama kujinyima, na mwili uliokosa chakula ukaubana ubongo kwenye mawazo hayohayo. Huwezi kumwambia aache tu, kama usivyoweza kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka."

"Basi tumlishe sana! Nitaleta sufuria zima."

"Hapana. Aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa ghafla, madini ya damu huweza kushuka na moyo ukayumba. Tutaongeza kidogo kidogo huku tukipima damu."

Alikaa wodini siku tisa. Fundi alijifunza mengi kwenye kiti cha chuma kando ya kitanda: kwamba hakuna chakula cha dhambi na chakula cha malaika, kwamba wakati wa kula hakuna kubembeleza, kutisha wala kuhongana, kwamba mwili wa mtu, wa binti au wa jirani, hausifiwi wala haukosolewi mezani. Sema ulichokiona, daktari aliwaambia, na unavyojisikia. *Nimeona unajitenga, nami naogopa.* Kisha nyamaza, usikilize.

Siku ya kutoka, aliwapa utaratibu. Milo mitatu na vitafunio mara tatu. Wazazi ndio wa kupakua, si binti. Mtu mmoja akae naye mpaka amalize, na saa nzima baadaye. Hakuna kukimbia mpaka moyo upone. Kila wiki kliniki, kupimwa uzito akiipa mizani kisogo, na kuzungumza na mshauri. "Akizimia, akilalamika kifua, au akikataa kabisa kula, msisubiri Jumatatu. Mleteni."

"Itachukua muda gani?"

"Miezi mingi. Pengine mwaka na zaidi. Lakini wengi hupona, mama. Hasa wakigunduliwa mapema na wasipoachwa peke yao."

Kwenye benchi la nje, wakisubiri dawa ya vitamini, binti alimgeukia mama yake.

"Utakaa nami mezani siku mbili, halafu atakuja mteja."

Fundi alivua futi shingoni. Ilikuwa pale kwa mazoea, hata hospitali. Akaizungusha na kuitia kwenye mkoba.

"Sitakupima tena mpaka wewe mwenyewe uniombe. Na tukikaa mezani sinyanyuki mpaka tumalize. Cherehani itanyamaza. Aje mteja, aje nani."

"Ahadi?"

"Ahadi."

"Hata Meneja?"

Meneja ndiye aliyeleta kazi ya sare. Fundi alichelewa kidogo tu kujibu. Binti aliuona ule uchelewaji.

"Hata Meneja."

*

Meza sasa ilisafishwa mara sita kwa siku. Kitambaa cha kijani kilikunjwa, kikahamishiwa kitandani, kikarudishwa, kikakunjwa tena. Sare zilizotakiwa kuisha mwezi ule zilibaki nusu. Fundi alishona kati ya mlo na mlo, akitazama saa kama mpishi mwenye mkate kwenye oveni.

Na ilikuwa kama kufungwa. Alidhani binti ndiye mfungwa; kumbe kifungo kilikuwa cha wote watatu. Viti vitatu, sahani tatu, dirisha moja. Binti alikata ndizi vipande kumi na sita. Alifuta kijiko. Alisema wali una mafuta, kisha viazi vina mafuta, kisha maji yana mafuta. Siku ya nne alimtazama mama yake machoni na kusema, "Nakuchukia. Unanizidishia makusudi."

Jibu kali lilimfika Fundi mdomoni. Lakini alikumbuka la daktari, kwamba wakati mwingine ugonjwa ndio unaosema kwa mdomo wa mtoto.

"Najua ni vigumu," alisema. "Niko hapa. Kijiko kinachofuata."

Fundi Friji ndiye aliyeleta habari za kuzungumza, maana waliambiwa wasizungumzie chakula mezani.

"Leo kuna mzee kaleta friji, analalamika inapiga kelele usiku. Nimeifungua, unajua nimekuta nini? Panya, na wanawe watano. Nikamwambia, mzee, friji yako nzima, hao ndio wapangaji wasiolipa."

Kijiko kilisimama hewani.

"Ukawafanyaje?" binti aliuliza.

"Nimewapa notisi."

Mdomo wa binti ulicheza upande mmoja. Kijiko kikaingia.

"Baba."

"Naam, Bonge."

"Usiniite hivyo tena."

Baba aliweka uma chini. Alitaka kusema ni jina la mapenzi, Fundi aliona jinsi maneno yalivyomjaa kinywani. Aliyameza. "Nisamehe. Nikuite nani?"

"Sijui."

"Basi nitakuita Mheshimiwa, mpaka upate lako."

Siku nyingine zilikuwa mbaya kuliko hiyo. Kliniki ya wiki ya tatu daktari alisema mapigo yamepanda, lakini uzito umerudi nyuma kidogo. Fundi alipochunguza, alikuta kuwa binti hubaki peke yake mezani na kitafunio cha saa kumi, kwa sababu saa kumi ndiyo saa ya wateja kupita, naye alikuwa akisogea mlangoni "kwa dakika moja". Chakula kilikuwa kinaishia nyuma ya robota la kitambaa.

"Dakika moja inatosha," binti alisema, akitazama sakafu. "Kile kitu kinasubiri dakika moja tu. Wewe ukinyanyuka, ndiyo kinaniambia: unaona? Hata yeye hana haja nawe."

Daktari alikuwa wazi: mambo yakiendelea hivyo, kitanda cha wodini kinamsubiri.

"Nilivunja," Fundi alisema. "Nilikuahidi, nikavunja. Sitavunja tena."

Binti aligeukia dirisha. Fundi hakumlaumu kwa kutoamini.

*

Meneja alikuja siku iliyofuata, saa saba na robo mchana, bila taarifa. Gari lake lilisimama katikati ya njia, injini ikinguruma. Meza ilikuwa na wali, maharage, yai na glasi ya maziwa. Fundi Friji alikuwa ameitwa mjini. Binti alikuwa amekula vijiko vinne na sasa mikono yake ilikuwa chini ya mapaja.

"Fundi! Nina haraka." Meneja aliingia na harufu ya manukato, simu mkononi. "Mwenye hoteli anataka kuona sare saa nane. Nipe ile ya mfano, halafu mvalishe binti, nipige picha. Zitampendeza yeye, mwili wa gazetini huyo! Eti, mrembo, unafanyaje? Mimi kila siku najinyima, tumbo halitoki!"

Binti aliinama. Fundi aliona mabega yakipanda mpaka masikioni, na mkono mmoja ukianza kuisukuma sahani, taratibu.

"Dada, karibu ukae," Fundi alisema. "Tunakula. Tukimaliza, ndani ya saa moja hivi, nitakupa sare, au nitalivalisha lile sanamu la mbao la kujaribia nguo, upige picha."

"Saa moja? Fundi, hujanisikia. Ni dakika mbili. Nyanyuka tu, iko pale kochini."

Ilikuwa pale kochini kweli. Hatua tano. Fundi alizihesabu. Hatua tano kwenda na tano kurudi, na mwaka mzima wa kazi ungebaki palepale. Miguu yake ilikwisha kujikaza kunyanyuka, kwa mazoea ya miaka ishirini ya kusema karibu.

Kando yake binti hakumtazama. Alitazama miguu ya kiti cha mama yake.

"Sinyanyuki," Fundi alisema.

"Unasemaje?"

"Tuko mezani. Sare iko pale, ichukue mwenyewe ukipenda. Lakini binti yangu haivai, wala hapigwi picha. Na habari za miili, dada, nakuomba, hapa hatuzisemi."

Meneja alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka. "Mimi nakupa kazi, wewe unanipa masharti? Umechelewesha nusu ya mzigo, nimekuvumilia. Mafundi wamejaa mtaa huu, Fundi. Wanashona usiku na mchana."

"Najua."

"Basi nachukua kitambaa changu."

"Kiko pale. Kilichoshonwa kiko kushoto."

Meneja alimwita dereva. Wakabeba marobota moja baada ya jingine, wakipita kati ya meza na ukuta kwa shida, kona za kitambaa zikigusa mgongo wa Fundi. Hakugeuka. Mikono aliing'ang'aniza kwenye kiti, maana aliogopa ingekwenda yenyewe kusaidia. Makochi yakabaki wazi. Mlango ukabamizwa. Gari likaondoka.

Jikoni maji yalidondoka kwenye karai.

"Mama," binti alisema. "Mkimbilie. Bado yuko kona pale."

"Tumemaliza?"

"Ni kazi ya mwaka mzima!"

"Nimekuuliza, tumemaliza?"

Binti alirudisha mkono chini ya paja, akaanza kulia. "Sasa ni kosa langu. Kile kitu kinasema ni kosa langu."

"Kiambie kimesema uongo. Mimi ndiye niliyeahidi, si wewe. Wewe hudaiwi kitu." Fundi aliutoa mkono mmoja kwenye kiti, akachukua kijiko chake mwenyewe na kula wali wake uliopoa. Alitafuna. Akameza. Akatafuta habari isiyohusu chakula. "Yule panya wa baba yako. Unadhani alihamia wapi?"

Wali ulikauka pembeni. Jua lilihama kutoka kwenye glasi ya maziwa likaenda kwenye cherehani iliyonyamaza.

"Kwenye friji nyingine," binti alisema mwishowe, kwa sauti ya pua.

Hakushika kijiko. Ila mikono aliitoa chini ya mapaja, akaiweka juu ya meza, kandokando ya sahani.

Saa ya ukutani iligonga saa nane. Mlangoni mtu alibisha hodi, mteja mwingine pengine, akabisha tena.

Fundi aliitikia "Karibu baadaye!" bila kugeuza shingo, akavuta kiti chake karibu zaidi na meza.